Sauti ya Baba Katika Spika Moja

Mama yangu alikuwa na video ya baba kwenye simu yake, na katika video hiyo baba alikuwa bubu. Unamwona amesimama mbele ya kanisa kule Bungoma, suti ya kijivu, maikrofoni mkononi. Anafungua mdomo, anacheka, anapangusa jasho kwa leso. Watu wanapiga makofi. Lakini kinachosikika ni mvumo peke yake, kama friji kuukuu. Karibu naye kuna kiti kitupu kilichotandikwa kitambaa cheupe, na Mama alikuwa ameshaamua kwamba hicho ni kiti cha askofu aliyechelewa. Ukiangalia kitu mara nyingi bila kukisikia, unajitungia maelezo yako.

Wakati huo baba alikuwa ameshakufa.

Afadhali nieleze nyumba yetu ilivyokuwa, maana bila hivyo hamtaelewa hasira za watu. Baba alikuwa karani wa serikali Bungoma mjini. Aliishi huko na bibi yake wa pili, ambaye sisi tulimwita mama mdogo, pamoja na watoto wao. Mama, bibi wa kwanza, alikaa shambani nje ya Kimilili, akilima mahindi na maharagwe na kuwatunza babu na nyanya mpaka wote wawili wakaaga. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Nina chumba cha kazi Kitale, juu ya duka la mbegu, ambapo nahariri video za harusi, matanga, mahafali, chochote ambacho watu wanataka kukikumbuka. Nalala Matisi, mtaa wa hapo hapo Kitale. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nasema mapema ili nisisingiziwe baadaye.

Baba alipostaafu, kanisa lake la Bungoma likamfanyia ibada ya shukrani. Alinipigia mimi, si Mama. "Mwambie mama yako aje," akasema. "Mwambie nimesema aje." Nikamwambia. Mama akauliza swali moja tu: atakaa wapi?

"Kanisani, Mama. Si kuna viti."

"Hiyo ni kanisa ya yule. Yeye atakaa mbele na bwana yake, mimi nikae nyuma na wageni nikiangalia kisogo cha mtu. Siendi. Mwambie niko na mahindi ya kuanika."

Baba akapewa habari ya mahindi. Hakubishana. Ibada ikafanyika bila Mama na bila mimi, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na harusi ya kupiga video hapa Kitale. Haikupita muda mrefu baba akashikwa na kifua, akapelekwa hospitali, na kabla hatujajua ni ugonjwa gani tukaambiwa tutafute gari la kumleta nyumbani.

Kwetu mwanamume hurudishwa kwa bibi wa kwanza. Hata kama maisha yake yote alikula na kulala kwingine, kaburi lake litakuwa kwa yule wa kwanza. Kwa hivyo Mama alimpata baba kabisa alipokuwa hasemi tena. Alimpata akiwa ndani ya sanduku, akamweka karibu na migomba, na kila asubuhi akitoka kukamua anampita.

Kwenye matanga ndipo maneno yalipoanza. Shangazi zangu waliokuwa kanisani siku ile wakamwambia Mama, "Alikutaja. Mbele ya watu wote alikutaja." Alisema nini? Hapo kila mmoja akaja na yake. Mmoja akasema aliomba msamaha. Mwingine akasema alimsifu kwa kulima. Wa tatu akasema hakumbuki vizuri ila watu walilia. Mama akawasikiliza, akawapa chai, na walipoondoka akaniambia, "Watu wa matanga husema kitu chochote." Lakini nilimjua. Neno lilikuwa limemwingia, na sasa alitaka kulisikia mwenyewe kutoka kwa mdomo wa baba.

Nikampigia mama mdogo nikamwomba video. Akaituma kwa simu ya Mama siku hiyo hiyo, bila maswali. Na ndiyo hiyo, mdomo unacheza na friji inavuma.

Kwanza tukalaumu simu. Simu ya Mama imeona mengi, tundu lake la waya wa masikioni limejaa unga wa mahindi tangu zamani. Nikampa simu nyingine niliyokuwa nayo, ya bei ya chini lakini nzima. Nyimbo zikalia vizuri, taarifa ya habari ikasikika hadi jikoni, lakini baba akabaki bubu. Tukaunganisha na kile kispika kidogo cha duara ambacho mdogo wangu alimletea. Bubu. Nikampigia mama mdogo tena, nikamwuliza kama video yake ina sauti.

"Ina sauti," akasema. "Jana nimeiangalia hapa kwa TV. Anaongea vizuri."

Nilifanya kosa la kumrudishia Mama jibu hilo vile lilivyo. Akaketi. Kisha akasema, "Kwa hivyo kwake anaongea, kwangu hataki."

"Mama, ni video. Haijui iko kwa nani."

"Basi yule amefuta sauti kabla hajatuma. Moja kati ya hizo mbili. Wewe ndiye unajua hizo mashine, niambie ni gani."

Sikuweza kumwambia. Iliniuma, maana hii ndiyo kazi yangu, na nilikuwa nimeisikiliza kwa simu tu, nikiwa na haraka, nikadhani kamera haikuwa na maikrofoni. Sasa mtu alikuwa anasema ina sauti. Kwa akili ya kawaida mmoja alikuwa anadanganya, na Mama hakuwa mwongo.

Ukumbusho ulikuwa unakaribia, ule wa kujengea kaburi saruji na kuita watu waje kula. Baba mdogo wangu, yule mdogo wake baba aliyebaki kuwa mkubwa wa boma, akaja kupanga mambo ya hema na ng'ombe. Mama akamwambia mbele yangu kwamba mwanamke wa Bungoma asikanyage hapo. Baba mdogo akajaribu kumpoza. Akasema hata watoto wa yule ni damu, kaburi ni la baba yao pia. Mama akajibu, "Akiingia kwa mlango huu, mimi natoka kwa ule." Na nyumba ya Mama ina mlango mmoja tu, lakini hakuna aliyethubutu kucheka.

Nilijua hiyo italeta nini. Ukifanya ukumbusho wa mtu na kuwafungia nje nusu ya jamaa zake, hao hawarudi. Miaka itapita, wadogo zangu wa Bungoma watakutana nami barabarani na tutapitana kama watu wasiojuana. Na Mama atakuwa ameketi pale kwenye migomba akiamini bwana yake alimnyima neno la mwisho. Hilo la pili ndilo lilinitia uchungu zaidi.

Nikaenda Bungoma. Nilikwenda nimejiandaa kugombana, njia nzima nikipanga maneno.

Mama mdogo alinipokea vizuri, jambo ambalo huharibu ugomvi. Alikuwa amekonda. Akaniwekea chai na viazi vitamu, akaketi kwenye kochi upande ambao baba hakuwa akikaa. Nikamwambia sikuja kwa chai, nimekuja kwa sauti.

"Ati nimefuta," akasema. "Nimesikia vile mama yako anasema. Mimi hata kufuta picha sijui. Hebu ona mwenyewe."

Akachomeka flashi kwenye TV. Baba akatokea na suti yake. Akakohoa kidogo, ule ukohozi wa kusafisha koo ambao alikuwa nao kabla ya kusema lolote, hata kabla ya kuomba chumvi. Kisha akasema, "Bwana asifiwe."

Nililia. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita tu. Mama mdogo naye akalia, tukalia kila mtu na upande wake wa kochi, na baba akiendelea kusalimia wachungaji.

Lakini sikio la kazi halinyamazi hata ukiwa unalia. Kulikuwa na kitu kibaya na sauti ile. Ilikuwa nyembamba, imekosa kifua. Baba alikuwa na sauti nene. Na haikuwa ikitoka pale alipokuwa amesimama katikati ya kioo. Ilikuwa inatoka pembeni, kila mahali na si mahali popote, na nilipohama kutoka kwenye kochi hadi mlangoni ikabadilika, ikafifia, kisha ikarudi. Nikapangusa macho. Nikamwuliza mama mdogo kama aliwahi kuisikia kwa simu yake.

"La. Mimi huangalia hapa tu. Hapa ni kubwa." Kisha akashika rimoti. "Sasa hapa mbele kidogo, mimi huzima."

Akazima. Baba alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema yuko na maneno machache. Nikamwuliza kwa nini anazima.

"Huzima tu," akasema. "Chukua flashi. Hiyo ndiyo ile walinipatia kanisani, sijaigusa. Peleka."

Moyo wangu mbaya ukaniambia, ahaa, hapo ndipo penye jambo. Lakini mtu aliyefuta kitu hawezi kukukabidhi chenyewe mkononi. Nikachukua flashi, nikamwomba anionyeshe kanisa. Lilikuwa hapo karibu.

Fundi wa sauti nilimkuta anakunja waya. Mtu mzima, mpole, fundi wa redio siku za kawaida na wa kanisa siku za ibada, yeye huyo huyo ndiye anayeweka kamera kwenye stendi na kuiwasha. Nikamweleza mimi ni mtoto wa nani. Akanipa pole. Nikamwomba anionyeshe anavyoingiza sauti kwenye kamera, akanionyesha kwa furaha kabisa, na nilipouona ule waya nikajua.

Ulikuwa waya mzuri. Mnene, mweusi, wenye nyuzi tatu ndani, aliagiza Eldoret. Unatoka kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maikrofoni, na unaingia moja kwa moja kwenye katundu kadogo ka kamera. "Ile ya kwanza ilikuwa nyembamba, inashika kelele," akasema. "Hii ni ya maana."

Na ni wa maana kweli, shida ni mahali alipouchomeka. Miksa kwenye tundu lile hutoa sauti ile ile kwa nyuzi mbili kati ya hizo tatu, ule wa tatu ni wa ardhi tu, mmoja ukiwa wima na mwingine umepinduliwa juu chini. Hufanya hivyo makusudi. Mashine iliyotengenezwa kupokea waya wa namna hiyo hugeuza ule uliopinduliwa, inaunganisha, na kelele zote zilizodakwa njiani zinajifuta. Lakini kamera ndogo haijui mambo hayo. Ikiona nyuzi mbili inadhani ni masikio mawili, huu wa kushoto, huu wa kulia. Inarekodi sauti wima upande wa kushoto na sauti iliyopinduka upande wa kulia. Ukiwa na spika mbili, kila moja inalia kivyake, utasikia. Ukiwa na spika moja, simu inajumlisha pande zote mbili, na moja ikisukuma nyingine inavuta kwa nguvu ile ile. Ni kama watu wawili kusukuma mlango mmoja, huyu ndani huyu nje. Mlango haujongei.

"Huwa unakagua sauti na nini?" nikamwuliza.

Akanionyesha spika zake za masikioni, zile kubwa za kufunika sikio lote. Mbili, bila shaka. Nikamwomba afungue ibada ya Jumapili iliyopita kwenye simu yake, hivi hivi bila kitu masikioni. Akafungua. Mchungaji akapanda mimbari, akainua mikono, na friji ikavuma.

Fundi akaizima simu. "Kuna mzee wetu mmoja, hatoki kitandani," akasema. "Mimi humtumia ibada kila Jumapili. Bibi yake aliniambia hakuna sauti, nikamwambia ni simu yao."

Sikuwa na hasira tena ya kumpa. Nilimwonyesha waya wa kutumia, wa nyuzi mbili, mmoja wa sauti na mmoja wa ardhi, na ule wa kugawa ili uzi mmoja tu wenye sauti wima uingie pande zote. Akasema atamtumia mzee zile ibada upya kama nitamfundisha kuzirekebisha. Nikamwambia nitamfundisha, na baadaye nilimfundisha. Mzee yule alipata kadhaa kabla hajaaga dunia.

Siku iliyofuata, Kitale, nikafunga mlango wa chumba changu na kuweka flashi kwenye kompyuta. Sauti ikajichora mistari miwili, kushoto juu, kulia chini. Nikaivuta karibu. Pale wa juu ulipopanda wa chini ulishuka, pale wa chini ulipopanda wa juu ulishuka, kila neno la baba likiwa na adui yake amelala chini yake. Nikabonyeza kitufe cha mono, kile kinachounganisha pande zote kuwa moja kama simu inavyofanya. Baba akanyamaza, mvumo ukabaki. Nikakiachilia, akarudi. Nikabonyeza tena, akaondoka. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Njia ya haraka ni kuua upande wa kulia. Sauti inabaki kushoto pekee, na kwa simu ya Mama ingetosha, ingawa ingekuwa ya chini. Lakini Bungoma kwenye TV spika ya kushoto ingekuwa inaongea na ya kulia imenuna, na watu wangesema sasa Kimilili wameharibu. Unaweza pia kunakili kushoto na kuimwaga kulia, pande zote zikawa sawa, na kazi nyingi mimi huishia hapo. Lakini mvumo ungebaki umemkalia baba shingoni.

Kwa hivyo nikafanya ile nyingine. Nikapindua upande wa kulia, ule uliokuwa juu chini ukasimama. Kisha nikaunganisha pande mbili, nikapunguza nguvu kidogo, maana sauti mbili zikikubaliana zinakuwa kubwa na zinaweza kupasuka. Nilichopata nikakiweka kushoto na kulia sawasawa. Na mvumo ukaondoka wenyewe. Ulikuwa umeingia pande zote mbili ukiwa umesimama vile vile, kwa hivyo nilipogeuza upande mmoja, mvumo na mvumo vikagongana vikafutana. Kile ambacho Mama alikuwa amesikiliza miezi yote ile kilikuwa kelele za umeme, zile zinazopaswa kutupwa, na kilichokuwa kimetupwa ni bwana yake.

Nikabonyeza mono. "Bwana asifiwe," akasema baba, na kifua chake kilikuwa kimerudi.

Sikusikiliza zaidi ya salamu. Mistari ilinionyesha kazi ni safi hadi mwisho, na hayo mengine hayakuwa yangu ya kuyasikia kwanza. Nikaitoa, nikaihamisha kwa simu, nikaenda Kimilili.

Mama alikuwa barazani anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikamweleza habari za waya. Alisikiliza kwa adabu ya mtu asiyeamini.

"Kwa hivyo si yule alifuta."

"Hakuna mtu alifuta, Mama. Sauti ilikuwa ndani siku zote. Simu yako ilikuwa inaijumlisha inajifuta."

"Na baba yako?"

"Baba hana makosa hapo."

Akasema weka. Nikaweka simu juu ya kigoda, simu ile ile, spika yake ile moja. Baba akakohoa. Mkono wa Mama ukasimama kwenye maharagwe.

"Bwana asifiwe," baba akasema. "Asifiwe tena. Mimi sina maneno mingi. Watu wanasema nimetumikia serikali. Ni kweli, lakini si mimi peke yangu. Nikiwa hapa naandika karatasi, kuna mtu alikuwa kwa shamba. Alilisha watoto wangu. Alilisha wazee wangu mpaka wakaenda, na mimi sikuwa hapo. Ni mama wa kwanza. Ako hapa? Simama watu wakuone."

Kwenye kioo baba alinyoosha shingo, akaangalia kuelekea mlangoni mwa kanisa. Zamani, bila sauti, tulidhani anaangalia kama askofu anaingia. Alingoja. Mtu akamwambia kitu pembeni.

"Hajafika?" baba akasema. "Basi. Barabara ni mbaya hizi siku. Atafika. Hiki kiti ni chake, nimekiweka mimi mwenyewe. Mtu asikalie."

Kisha akaendelea na mambo ya kazi, na wakubwa zake, na safari, na watu wakacheka mahali alipotaka wacheke. Mama hakucheka. Alingoja hadi mwisho, baba alipoketi, kiti kitupu kando yake.

"Barabara haikuwa mbaya," akasema. "Hakukuwa hata na mvua. Nilikuwa naanika mahindi."

Nilitaka kumwambia kwamba hakujua habari ya kiti, hakuna aliyejua, lakini hayo alikuwa anayajua mwenyewe.

"Nilisema ni kiti cha askofu," akasema tena. Alipangusa uso kwa upande wa mkono, maana vidole vilikuwa na vumbi la maharagwe. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Na yule alikaa wapi?"

Nikarudisha video nyuma, nikakuza picha kwa vidole. Kulikuwa na baba, kulikuwa na kiti cheupe, na safu ya pili, nyuma ya wake za wachungaji, akiwa ameinamisha kichwa, alikuwa mama mdogo. Hapo nikaelewa kwa nini huwa anazima. Alikuwa ameketi kanisani mwake, mbele ya majirani zake, na bwana yake akaita bibi mwingine asimame.

"Alikaa nyuma," Mama akasema.

"Alikaa nyuma."

"Na bado alinitumia hii kitu."

Akachukua ungo, akauweka mapajani, akaanza kuchambua tena, lakini alikuwa anatupa mazuri na mabovu pamoja. Kisha akasema bila kuniangalia, "Mpigie. Mwambie aje na watoto wote. Mwambie kuna kiti."

Siku ya ukumbusho watu walijaa uani mpaka nje ya ua. Mwenye vyombo vya sauti alileta maspika makubwa mawili, na kama kawaida yao yote mawili yalikuwa yanaimba kitu kimoja, kushoto na kulia vimechanganywa. Zamani ningewalaumu. Asubuhi nilisimama langoni, nikajaribu salamu za baba, nikazisikia safi mpaka barabarani, mama wa jirani akashtuka akaweka mtungi chini.

Mama mdogo alikuja na gauni la buluu na wadogo zangu wanne. Mama alimshika mkono langoni. Hawakukumbatiana, si watu wa kukumbatiana. Alimwongoza hadi mbele, kwenye viti viwili vilivyotandikwa kitambaa cheupe, akamkalisha kwenye kimoja, yeye akakaa kingine. Nilimwona mama mdogo akiangalia chini. Nilimwinamia nikamwuliza kama nisiweke ile sehemu.

"Weka yote," akasema. "Safari hii sizimi."

Nikaweka. Baba akakohoa juu ya migomba, juu ya saruji mbichi ya kaburi lake, na ua wote ukanyamaza. Akasalimia. Akasema hana maneno mengi. Akasema kuna mtu alikuwa shambani. Shangazi zangu walianza kulia kabla hajafika mahali penyewe, na sasa nikajua kwamba hawakudanganya, walisahau tu, kila mmoja akabaki na kipande chake.

"Ako hapa? Simama watu wakuone."

Mama akasimama. Alisimama polepole kwa sababu ya magoti, mkono mmoja umeshika bega la mama mdogo, akarekebisha leso yake, akaangalia mbele. Hakulia. Baba alikuwa anangoja kwenye spika, ukimya wake ule ule wa kanisani, na hakuna mtu uani aliyekohoa.

"Hajafika?" akasema baba. "Basi. Barabara ni mbaya hizi siku. Atafika."

Mama alikuwa amesimama pale pale, hatua chache kutoka kaburini kwake, na watu wote walikuwa wanamwona.